Una biashara moja tu? Jinsi ya kupata kiwango cha faida unachopaswa kudai

Swali linaloletwa kwangu kila wiki na wenye mabanda, maduka na mashine hapa Arusha ni hili: "Biashara yangu nidai inipe asilimia ngapi kwa mwaka?" Wengi huwa wameshapewa jibu na mtu aliyesoma fedha, na mara nyingi jibu hilo ni dogo mno. Mtu wa kuku wa mayai anaambiwa asilimia 15 inatosha, kwa sababu chakula ni biashara tulivu na watu hawaachi kula mayai uchumi ukiyumba. Hesabu hiyo si ya uongo, ila ni ya mtu mwingine. Ni ya mwekezaji mwenye vipande vya kampuni mia. Wewe una banda moja.

Mwongozo huu unachukua banda moja la kuku wa mayai Usa River, kuku 3,000, na kulipigia hesabu mwanzo hadi mwisho. Ukishaelewa, badilisha namba uweke za kwako, iwe duka la vifaa vya ujenzi Moshi mjini au karakana Unga Limited. Bei na viwango nilivyotumia ni vya mfano. Vya kwako utavipata unapofanya kazi.

Nadharia kidogo, ya dakika mbili

Kuna hatari za aina mbili. Ya kwanza inawapiga wote kwa pamoja: uchumi kudorora, shilingi kushuka, riba kupanda. Hiyo ni hatari ya soko. Ya pili ni ya banda lako peke yake. Kideri kikiingia kwenye kuku wasiochanjwa kinaweza kumaliza karibu banda zima ndani ya siku chache, na bei za hisa za Dar es Salaam zisitikisike hata kidogo. Oktoba 2017 vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya vilichomwa moto Namanga kwa amri ya serikali. Kwa aliyeweka fedha zake zote kwenye shehena ile, mtaji uliishia pale mpakani. Kwa mwenye hisa za kampuni mia, habari kama hiyo haionekani hata kwenye taarifa yake ya mwaka.

Mwekezaji mwenye vipande vingi anadai malipo kwa ajili ya hatari ya soko tu, kwa sababu zile nyingine hufutana ndani ya mkusanyiko wake: huku kuku wanakufa, kule benki inapata faida. Kwako hakuna cha kufuta chochote. Unabeba zote mbili, yaani hatari nzima, na kiwango cha faida unachodai lazima kilipie zote mbili.

Andaa hivi kabla ya kuanza

Chukua daftari la banda, lile la kila siku lenye trei zilizotoka, kilo za chakula zilizoliwa na kuku waliokufa. Likiwa na miaka mitatu au zaidi ni vizuri sana. Pata riba ya hatifungani ya serikali ya muda mrefu, miaka 10 au zaidi, kutoka kwenye matokeo ya mnada wa mwisho yanayotolewa na Benki Kuu. Utahitaji pia namba mbili za sekta yako, beta na uhusiano na soko, nitaeleza zinakopatikana. Mwisho, orodhesha kwa uaminifu mali zako zote: banda, kiwanja, akiba, vipande vya mfuko, ng'ombe. Watu wengi huruka orodha hiyo, na baadaye utaona kwa nini inahitajika.

Hatua ya 1: Pata fedha inayobaki kwa mwaka wa wastani

Kuku 3,000 wakitaga kwa asilimia 80 wanatoa mayai 2,400 kwa siku, sawa na trei 80. Kwa bei ya jumla ya shilingi 8,000 kwa trei, ni 640,000 kwa siku. Kuku mmoja anakula karibu gramu 120, kwa hiyo banda linakula kilo 360. Kwa shilingi 1,100 kwa kilo ni 396,000. Zinabaki 244,000 kwa siku, yaani kama milioni 89 kwa mwaka.

Hapo bado. Toa mishahara ya vijana wawili, chanjo na dawa, umeme na usafiri. Toa gharama ya kuingiza mitetea wapya wakati kundi la zamani limechoka, ukipunguza ile unayopata ukiwauza wazee sokoni. Toa ukarabati na kodi. Halafu toa mshahara wako mwenyewe. Mwenye banda letu anaamka saa kumi na moja alfajiri na kusimamia kila kitu, na kumpata msimamizi wa kazi hiyo kungemgharimu kama milioni 1 kwa mwezi. Vyote hivyo ni milioni 49. Mwaka wa kawaida unabakiza milioni 40.

*Kosa la kawaida:* kuchukua hiyo milioni 40 na kuendelea nayo. Daftari linaonyesha kwamba katika kila miaka mitano, mmoja ni mbaya: ugonjwa, au mahindi na mashudu vinapanda huku bei ya trei ikigoma. Mwaka huo hupoteza milioni 10. Wastani ni miaka minne ya milioni 40, ukatoa milioni 10, kisha ugawe kwa tano. Ni milioni 30, na hiyo ndiyo namba ya kazi.

Wapo wanaosema, "Mwaka mbaya nitauweka kwenye asilimia." Hapana. Asilimia inalipia mtikisiko, yaani kule kutokujua mwaka upi utakuwa mbaya. Hasara yenyewe inakaa kwenye wastani wa fedha. Ukiisahau huku, hakuna asilimia itakayokuokoa kwa uhakika.

*Kosa la pili:* kutojilipa mshahara kwenye hesabu. Hapo faida ya mtaji inachanganyika na ujira wa jasho lako, na banda linaonekana zuri kuliko lilivyo.

Hatua ya 2: Anza na kiwango kisicho na hatari

Tutumie asilimia 12 kama riba ya hatifungani ya serikali. Ukishindwa kabisa kuamua, fikiri hivi: hii ndiyo faida ambayo ungeipata ukiuza banda leo, ukanunua hatifungani na kulala. Biashara inayokupa chini ya hapo baada ya kujilipa mshahara haihitaji hesabu zaidi.

Hatua ya 3: Weka nyongeza ya hatari ya soko

Hii ni ziada ambayo wawekezaji wanadai juu ya hatifungani ili washike hisa kwa ujumla. Tutumie asilimia 6.

Angalia hapa: ukichukua nyongeza kutoka kwenye majedwali ya nje, mara nyingi huwa tayari imeongezewa hatari ya nchi. Riba ya hatifungani yetu ya shilingi nayo inabeba sehemu ya hatari hiyohiyo. Ukizichanganya bila kuangalia, unailipia nchi mara mbili.

Hatua ya 4: Tafuta beta ya sekta, ile isiyo na mkopo ndani yake

Beta inasema sekta inayumba kiasi gani soko likiyumba. Beta ya 1 inakwenda sawa na soko. Chakula na kilimo kwa kawaida viko chini ya 1.

Soko la Hisa la Dar es Salaam halitakusaidia sana hapa. Kampuni zilizoorodheshwa ni chache, benki kama NMB na CRDB zina uzito mkubwa, na hisa nyingine zinaweza kukaa siku kadhaa bila kuuzwa. Hisa isiyouzwa inaonekana imetulia, na beta yake inatoka ndogo kwa uongo. Chukua wastani wa kampuni nyingi za nje. Profesa Aswath Damodaran wa Chuo Kikuu cha New York huweka majedwali ya sekta bure mtandaoni na kuyahuisha kila Januari, na moja linahusu jambo hili hasa. Kwenye skrini tafuta "Total Beta", kisha mstari wa sekta yako, kwa mfano "Farming/Agriculture". Utakuta beta isiyo na mkopo, "unlevered", na safu nyingine ya "correlation with the market". Chukua zote mbili.

Kwa banda letu tuseme beta ni 0.6. Mwenye vipande mia angesimama hapa na kupiga hivi:

```
Kiwango cha soko = 12% + 0.6 × 6% = 15.6%
```

Hiyo ndiyo asilimia 15 ya yule jamaa aliyesoma fedha.

Hatua ya 5: Gawa beta kwa uhusiano na soko

Kazi yenyewe iko hapa. Ile safu ya uhusiano inaonyesha ni sehemu gani ya mtikisiko wa sekta inayokwenda pamoja na soko. Ikiwa 1, mtikisiko wote ni wa soko. Ikiwa ndogo, sehemu kubwa ya mtikisiko ni ya biashara zenyewe. Tuseme kwa sekta yetu ni 0.3.

```
Beta nzima   = beta ÷ uhusiano = 0.6 ÷ 0.3 = 2.0
Kiwango chako = 12% + 2.0 × 6% = 24%
```

Tazama kilichotokea. Biashara iliyoonekana tulivu kwa macho ya soko ina mtikisiko mara mbili ya soko lenyewe kwa macho ya mwenye nayo. Utulivu wa 0.6 ulitokana na kwamba mabanda hayafuati soko, wala haukusema kwamba mabanda hayayumbi. Ndiyo maana sekta zinazoitwa salama ndizo zinazowadanganya zaidi wamiliki wa biashara moja. Benki kubwa, ambayo uhusiano wake na soko ni mkubwa, isingeruka kwa kiasi hiki.

*Kosa linalorudiwa kuliko yote:* baadhi ya tovuti hazitoi uhusiano, zinatoa "R-squared". Hiyo ni namba ileile iliyozidishwa kwa yenyewe. Kwa mfano wetu ingekuwa 0.09. Mtu akigawa 0.6 kwa 0.09 anapata beta ya 6.7 na kiwango cha asilimia 52, kisha anashangaa kwa nini hakuna biashara duniani inayofaa. Tafuta kipeuo cha pili kwanza: kipeuo cha 0.09 ni 0.3.

*Kosa jingine:* baada ya kupata 24, kuongeza asilimia 5 "kwa sababu biashara ni ndogo" na 3 "kwa sababu inategemea mtu mmoja". Hatari za udogo na za kutegemea mtu mmoja kwa sehemu kubwa zimeshaingia ulipogawa kwa uhusiano. Hata hivyo nakubali jambo moja. Kampuni zilizomo kwenye majedwali yale zina mabanda mengi, mikoa mingi na bidhaa nyingi. Banda moja la Usa River linayumba kuliko wao. Kwa hiyo soma 24 kama sakafu. Ukitaka kupanda juu yake, panda kwa ushahidi wa daftari lako, usibandike asilimia za kubahatisha.

Hatua ya 6: Kama una mkopo, pandisha beta nzima

Hatua fupi. Mkopo hauondoi mtikisiko, unausukuma wote kwenye upande wako, kwa sababu benki inalipwa kwanza. Ukiwa na mkopo wa shilingi 50 kwa kila 100 ya thamani iliyo yako, na tukiacha kodi kando:

```
2.0 × (1 + 0.5) = 3.0
12% + 3.0 × 6%  = 30%
```

Asilimia 30 hii inatumika kwa fedha inayobaki *baada ya* kulipa riba na rejesho. Ile 24 ni ya fedha kabla ya mkopo. Usizichanganye. Na uwiano wa mkopo upime kwa thamani ya banda leo, si kwa kiasi ulichojengea miaka sita iliyopita. Banda letu halina mkopo, kwa hiyo tunaendelea na 24.

Hatua ya 7: Geuza kiwango kuwa thamani

Tuseme fedha ya banda itakua kwa asilimia 4 kwa mwaka, kwa sababu bei zinapanda, si kwa sababu kuku wanaongezeka. Thamani ni fedha ya mwaka ujao, ugawe kwa kiwango ukitoa ukuaji.

```
Mwenye vipande vingi: 30m ÷ (0.156 − 0.04) = 258.6m
Mwenye banda moja:    30m ÷ (0.24  − 0.04) = 150m
```

Banda ni lilelile, kuku ni walewale, na tofauti ni zaidi ya milioni 108. Haimaanishi kuna mtu aliyekosea. Thamani inategemea nani amelishika.

Hii ina matumizi mawili ya moja kwa moja.

La kwanza ni kuuza. Mnunuzi akiwa mfugaji mwingine ambaye naye ataingiza fedha zake zote, usitegemee avuke sana milioni 150. Akija mwenye kampuni kubwa yenye biashara nyingi, au mfuko wa uwekezaji, yeye anaweza kulipa hadi karibu 258 na bado asipate hasara kwa vipimo vyake. Mkiwa mezani, bei iko katikati ya namba hizo mbili. Ukiingia ukiwa na 150 pekee kichwani utafurahia 170 na kuachia milioni nyingi. Na mnunuzi akikuambia, "Biashara yako ina hatari sana, nikupe 140," kumbuka hatari hiyo ni yako wewe. Ikishaingia kwenye mkusanyiko wake, kwa sehemu kubwa inafutika.

La pili ni kupanua. Mwenye banda anataka kujenga banda la pili pembeni ya la kwanza kwa milioni 60, na wastani wake utakuwa milioni 10 kwa mwaka. Kwa kiwango cha soko, 10 gawa kwa 0.116 ni milioni 86, kwa hiyo ajenge. Kwa kiwango chake mwenyewe, 10 gawa kwa 0.20 ni milioni 50, kwa hiyo anatumia 60 kununua kitu cha 50. Asijenge, au atafute njia ya kujenga kwa bei nafuu zaidi.

Mtu akiuliza, "Si mabanda mawili ni kugawa hatari?" jibu linategemea yako wapi. Ua mmoja, vijana walewale na viatu vilevile vinavyotoka banda hili kwenda lile, hapo kideri hakioni mabanda mawili. La pili likiwa Himo, na lina watu wake, ugonjwa unagawanyika, lakini bei ya chakula na bei ya trei bado zinayapiga yote kwa siku moja.

Hatua ya 8: Rekebisha kulingana na mali zako nyingine

Sasa chukua ile orodha ya mali. Asilimia 24 ni ya mtu ambaye banda ndiyo mali yake yote. Kama una fedha kwingine, kiwango kinashuka, ila hakishuki kama watu wanavyodhani. Nimekipiga kwa namba zilezile, nikichukulia kwamba mali nyingine imetawanywa kama soko zima:

- Banda ni mali yako yote: 24%
- Banda ni nusu ya mali yako: karibu 23%
- Banda ni sehemu moja kati ya tano: karibu 19.7%
- Banda ni sehemu moja kati ya kumi: karibu 17.8%

Angalia mstari wa pili. Mtu ametoa nusu ya mali yake na kuiweka kwingine, na kiwango kimeshuka kwa asilimia moja tu. Sababu ni kwamba banda linayumba mara mbili ya soko, hivyo hata likiwa nusu ndilo linaloamua mwaka wako unaendaje. Kiwango kinaanza kushuka kwa maana pale banda linapokuwa sehemu ndogo ya mali, moja ya tano kwenda chini. Anayesema, "Mimi nina vipande vya UTT vya milioni 3, nimeshagawa hatari," huku banda likiwa la milioni 150, abaki na 24 yake.

Kuwa mkali na orodha. Kiwanja kilichopo kwenye ua uleule wa banda hakijatawanywa. Deni la trei ulizokopesha hoteli mbili za mjini ni sehemu ya banda. Duka la mke wako linalouza mayai yako nalo ni sehemu ya banda. Vipande vya mfuko, hatifungani, na nyumba ya kupangisha katika mji mwingine vinahesabika kuwa kwingine. Kumbuka tu kwamba nyumba moja nayo ina hatari zake na si soko zima, kwa hiyo kwa mwenye nyumba moja soma mistari ile kwa kupandisha kidogo.

Anayetaka kweli kushusha kiwango chake ana njia mbili: kutoa faida ya kila mwaka nje ya banda badala ya kuirudisha kwenye banda jipya, au kuuza sehemu ya umiliki. Njia ya pili ina sharti lake. Ukimuuzia jirani mwenye kuku naye, umehamisha hatari kwa mtu anayeidai ghali kama wewe, na atakulipa kwa bei ya 24.

Mambo yakigoma

*Kiwango kimetoka zaidi ya asilimia 40 bila mkopo.* Angalia kwanza kama uligawa kwa R mraba. Kama hukufanya hivyo, angalia uhusiano uliotumia ni wa sekta yenye kampuni ngapi. Sekta yenye kampuni tano hutoa namba za ajabu. Nenda kwenye sekta iliyo pana zaidi, kwa mfano usindikaji wa vyakula badala ya kilimo, au tumia jedwali la dunia nzima badala ya la Marekani peke yake.

*Beta nzima imetoka ndogo kuliko beta ya kawaida.* Haiwezekani. Uhusiano hauzidi 1, kwa hiyo kugawa kwa uhusiano hakuwezi kupunguza beta. Umezidisha pale pa kugawa.

*Mapato yangu ni ya dola.* Wa utalii hili linawahusu. Fedha za dola zinataka kiwango cha dola, yaani hatifungani ya dola na ukuaji wa dola. Ukichanganya mapato ya dola na asilimia 12 ya shilingi, umejitoza kushuka kwa shilingi ambako hakukupigi. Njia rahisi ni kugeuza fedha zote za miaka ijayo kuwa shilingi, ukiwa na makadirio ya shilingi kushuka, kisha utumie kiwango cha shilingi. Chagua njia moja, usiguse nyingine.

*Thamani imetoka chini ya gharama niliyojengea.* Kagua mshahara wako kwenye Hatua ya 1, labda umejilipa kama meneja wa benki. Ukiwa sahihi, basi namba inasema ukweli: fedha uliyozika haibadilishi fedha itakayokuja. Kabla ya kukata tamaa linganisha na bei ya kuuza ardhi na vifaa kando. Kuna mabanda njia ya kwenda Tengeru ambayo kiwanja chake kina thamani kuliko kuku waliomo, na mwenyewe bado anaamka alfajiri kuwalisha.

*Benki au mshirika amekataa 24 yangu na kuniambia nitumie 15.6.* Muulize anapima thamani kwa ajili ya nani. Kama anataka kujua banda lina thamani gani kwa mnunuzi mkubwa, yuko sahihi na wewe huna ugomvi naye. Kama anakushawishi ukope ili ujenge banda la pili, hatari ni yako, na hesabu iwe yako.

*Nina miaka miwili tu ya daftari.* Usitafute wastani wa miaka miwili, hasa ikiwa yote ilikuwa mizuri. Waulize wafugaji watatu wa eneo lako ni lini walipoteza kundi au walilisha kwa hasara, uweke mwaka mbaya mmoja kwa kila mitano hadi daftari lako litakapokuambia vinginevyo.